Injini ya Petroli Inayogonga Ikipanda Mlima au Ikibeba Mzigo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa madereva na wamiliki wa magari ya petroli, hasa Toyota zilizotumika zinazoingizwa Tanzania na Kenya kutoka Japani. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Kuutambua mlio

1. Mlio huu ni upi hasa, na unatokea wapi?

Ni mlio mkali na mwepesi wa chuma, unaosikika kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, ambao hutokea unapokanyaga mafuta gari likiwa limeelemewa na hupotea mara tu unapoinua mguu. Wengi hudhani ni valvu zinazolegea. Kwa kweli ni sauti ya mwako unaokwenda kombo ndani ya silinda.

Katika hali ya kawaida, plagi hupiga cheche na moto huanza pale kwenye plagi, kisha husambaa hatua kwa hatua hadi pembezoni mwa chumba cha mwako. Mchanganyiko wa petroli na hewa ambao haujafikiwa na moto hubanwa na kupashwa joto na ule unaoungua. Joto na shinikizo vikizidi uwezo wa petroli kustahimili, mchanganyiko huo wa pembezoni hulipuka wenyewe kwa mara moja kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlipuko huo hutuma mawimbi ya shinikizo yanayogonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, na sikio lako hupokea mtetemo wa chuma.

Kwa hiyo mambo manne ndiyo huamua kama injini itagonga: ubora wa petroli, joto la chumba cha mwako, kiasi cha shinikizo, na muda ambao cheche imepigwa, ambao mafundi huuita taimingi. Kila jibu lililomo humu linarudi kwenye mojawapo ya hayo manne.

2. Kwa nini hugonga mlimani tu, na tambarare injini iko kimya?

Unapokanyaga mafuta kwa nguvu, mlango wa hewa hufunguka na silinda hujaa karibu kikamilifu, hivyo shinikizo na joto hupanda. Kwenye barabara tambarare silinda hupokea hewa kidogo, na petroli ileile hustahimili bila shida.

Mizunguko ya injini nayo ina nafasi yake. Gia kubwa pamoja na mwendo mdogo, kama vile kung'ang'ania gia ya nne kwenye kona za mlima wa Kitonga, huipa ile sehemu isiyoungua muda mrefu wa kukaa ndani ya joto kabla moto haujafika. Injini hiyohiyo kwenye gia ya pili, ikizunguka haraka zaidi, inaweza kupanda kilima kilekile bila mlio wowote.

3. Nitautofautishaje na kugonga kwa beringi, au na ekzosti inayovuja?

Beringi za krenkshafti zilizolika hutoa mlio mzito na wa chini, ambao husikika hata gari likiwa limesimama ukipandisha mizunguko, na mara nyingi huambatana na presha ndogo ya oili. Mlio wa mwako ni mwembamba zaidi, na ni vigumu kuusikia gari likiwa limesimama bila mzigo. Gasketi ya ekzosti inayovuja hutikatika hasa injini ikiwa ya baridi na hupungua chuma kinapopanuka. Bati la kukinga joto la ekzosti lililolegea huwadanganya wengi zaidi, kwa kuwa hutetemeka kwenye mizunguko fulani tu. Lishike kwa kitambaa injini ikiwa imepoa na ulitikise.

Jaribio rahisi ni hili: gari likiwa na injini ya moto, tafuta mlima, weka gia kubwa kuliko inayofaa, kanyaga mafuta hadi mlio uanze, kisha shusha gia moja huku mwendo ukiwa uleule. Mlio ukikatika, karibu hakika ni wa mwako. Jaribio lifanywe kwa sekunde chache tu, kwa sababu zinazoelezwa katika swali la 4.

4. Je, kuna madhara kuendelea kuendesha?

Mlio hafifu wa sekunde moja au mbili unapoondoka si jambo la kuliegesha gari. Mlio unaodumu mlima mzima ni jambo jingine. Mawimbi ya shinikizo hung'oa tabaka jembamba la gesi lililotulia juu ya pistoni, ambalo kwa kawaida huikinga na joto, na hapo alumini ya pistoni hupashwa moja kwa moja. Madhara huanzia kwenye ukingo wa pistoni na kwenye kuta nyembamba zinazoshikilia ringi, ambazo huvunjika. Gasketi ya silinda hedi huweza kuungua, na kauri ya plagi kupasuka.

Ushahidi wa mapema huonekana kwenye plagi. Ifungue na uitazame chini ya mwanga mkali: ikiwa kauri nyeupe ina vidoa vidogo vyeusi, na katikati yake vichembe vinavyong'aa, vile vinavyong'aa ni alumini inayotoka kwenye pistoni. Ukiviona, usisubiri safari nyingine.

5. Nimeanza kuusikia nikiwa katikati ya mlima. Nifanye nini?

Punguza mafuta na ushushe gia. Kwa gari la otomatiki, zima kitufe cha O/D au vuta kwenda kwenye gia ya chini, kisha uache injini izunguke haraka ukiwa umekanyaga kidogo. Zima kiyoyozi. Tazama mshale wa joto: ukiwa umepanda, shida yako ya kwanza ni upoozaji, nawe unapaswa kusimama mahali salama. Usifungue mfuniko wa rejeta kabla injini haijapoa.

## Petroli na ubora wake

6. Namba ya oktani ina maana gani, na gari langu linahitaji ngapi?

Oktani hupima uwezo wa petroli kustahimili kubanwa na joto bila kujilipukia. Haipimi nguvu iliyomo ndani ya mafuta, na hapa ndipo wengi hupotea: petroli ya oktani kubwa haiongezi kasi katika injini isiyoihitaji.

Nchini Japani, ambako oktani hutajwa kwa kipimo kiitwacho RON, kiwango cha chini cha petroli ya kawaida ni RON 89 na cha petroli ya juu ni RON 96. Magari kama Toyota IST au Raum yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo hubana mchanganyiko kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, yaliundwa kutumia ile ya kawaida. Magari yenye turbo na baadhi ya injini za michezo yalitengenezwa kwa ile ya juu, na kwa kawaida huwa na kibandiko kwenye kifuniko cha tangi. Maandishi ya Kijapani yakikushinda, mtu anayesoma Kijapani atakueleza kwa kuangalia picha.

Kwa hiyo, ukiwa na IST inayogonga kwa petroli halali ya pampu, usikimbilie kununua petroli ya bei ya juu. Tafuta kwanza ni kitu gani kimebadilika katika injini.

7. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa husababishaje kugonga?

Mafuta ya taa hujilipukia kwa urahisi mno yanapobanwa, na oktani yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya petroli. Fanya hesabu ya kukadiria: tangi la lita 40 lina lita 36 za petroli ya oktani 93 na lita 4 za mafuta ya taa, ambayo tuyape oktani 20. Zidisha kila moja kwa lita zake, jumlisha, kisha ugawe kwa 40. Unapata chini kidogo ya 86. Sehemu moja tu kati ya kumi imetosha kuishusha petroli nzuri hadi chini ya kiwango kilichokusudiwa kwa injini ya kawaida ya Kijapani.

Kuna madhara ya pili yanayochelewa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke haraka kama petroli, hivyo sehemu yake huteremka kwenye kuta za silinda, huzimua oili na kuacha masizi. Mtu anayetumia mafuta hayo kwa miezi huishia na shida mbili kwa wakati mmoja, ile ya oktani na ile ya kaboni inayoelezwa katika swali la 10.

Uchakachuaji huu ulichochewa na tofauti ya bei. Ndiyo maana Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha mafuta halali, mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Hatua hizo zilipunguza faida ya mchezo huo, ingawa petroli inayouzwa kwenye chupa za plastiki kando ya barabara haina mlinzi yeyote.

8. Ninawezaje kuyatambua mafuta mabaya bila maabara?

Kwa uhakika kamili, huwezi. Vinasaba havionekani kwa macho na vinahitaji kifaa chake. Hata hivyo, unaweza kupata dalili. Dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe safi, mbali na moto, na usubiri dakika kadhaa. Petroli safi hukauka yote, huku mafuta ya taa yakiacha doa la mafuta linaloonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga. Mchanganyiko mdogo unaweza kupita bila kuacha doa, kwa hiyo karatasi iliyokauka si cheti.

Dalili yenye thamani zaidi ni ya wakati. Injini iliyokuwa kimya asubuhi ikaanza kugonga baada ya kujaza mafuta, tena bila mshale wa joto kubadilika, inaelekeza kidole kwenye tangi. Kaboni haijirundiki kwa siku moja, na distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, haijisogezi yenyewe usiku. Tunza risiti, jaza petroli kwenye kituo kingine tangi linapopungua, na usibebe mzigo mzito mpaka mlio utoweke. Ukishuku kwamba umewekewa dizeli kwa makosa, usiwashe injini kabisa. Mafuta yamwagwe na fundi mahali penye hewa, betri ikiwa imetenganishwa.

9. Je, chupa za kuongeza oktani zinasaidia?

Baadhi husaidia kidogo. Soma ahadi yao kwa makini: kwenye lebo nyingi, pointi moja ni sehemu moja ya kumi ya oktani, kwa hiyo chupa inayotangaza pointi 20 inaahidi kuitoa petroli kwenye 91 na kuifikisha 93. Hiyo ni njia ya kukutoa porini baada ya kujaza mafuta mabaya. Kuitumia kila wiki ni kulipia dalili huku chanzo kikiendelea.

## Kaboni ndani ya injini

10. Kaboni inawezaje kuifanya injini igonge?

Tabaka la kaboni juu ya pistoni na kwenye silinda hedi huchukua nafasi. Chumba cha mwako kinapungua, uwiano wa kubana unapanda, na injini iliyoundwa kwa petroli ya kawaida inaanza kudai oktani kubwa zaidi. Kaboni pia ni kizuizi cha joto: chuma kinachopoozwa na maji hakilipokei tena joto la gesi kama zamani, nalo hubaki juu ya tabaka hilo na kuupasha mchanganyiko mpya unapoingia.

Mahali kaboni ilipojikunja na kuwa na ncha, ncha hiyo huweza kubaki nyekundu na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Hilo ni tatizo jirani, na ni la hatari zaidi kwa kuwa kupunguza taimingi hakulitibu. Kwenye injini za kabureta dalili yake ni injini kuendelea kuzunguka kwa kusuasua baada ya kuzima swichi.

11. Kwa nini kaboni hujirundika kwenye gari langu haraka kuliko la jirani?

Mara nyingi jibu ni oili. Sili za valvu zilizokauka huruhusu oili iteremke ndani ya silinda, na gari hutoa moshi wa bluu linapowashwa asubuhi. Oili inayoungua huacha kaboni, na mvuke wake pia hushusha oktani ya mchanganyiko, kwa hiyo injini inayokula oili hugonga kwa sababu mbili.

Sababu nyingine nimeiona ikitetewa kwa bidii kwenye gereji nyingi: kuondoa thamostati ili injini isichemke. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, na katika safari fupi za mjini hailipati kabisa. Kompyuta huona injini ni ya baridi na kuendelea kuongeza petroli, na petroli isiyoungua vizuri huacha masizi. Safari fupi za shule na sokoni hufanya vivyo hivyo hata thamostati ikiwepo, ila kwa polepole zaidi. Ikiwa injini ilikuwa inachemka, dawa ni rejeta, feni, pampu ya maji au mfuniko wa rejeta. Thamostati irudishwe mahali pake.

12. Kaboni huondolewaje, na je, ni lazima kufungua injini?

Anza na njia ndogo. Viongezi vya kusafisha vyenye polietheramini, vikitiwa kwenye tangi kwa kipimo kilichoandikwa, huweza kulegeza kaboni ya chumba cha mwako kwa safari ya tangi moja au mawili. Vifuatiwe na mwendo mrefu wa barabara kuu na kisha kubadilisha oili.

Kaboni ikiwa nene, kazi ya kudumu ni kufungua silinda hedi. Pistoni huletwa juu, nafasi kati yake na silinda huzibwa kwa grisi ili vumbi lisiteremke kwenye ringi, na kaboni hukwanguliwa kwa kipande cha mti au plastiki ngumu. Bisibisi huchimba alumini, na kila mchubuko wenye ncha ni mahali pengine pa kuwaka nyekundu. Kwa kuwa hedi iko wazi, sili za valvu zibadilishwe hapohapo. Kusafisha kaboni na kuacha sili zinazovuja ni kununua miezi michache tu.

Kumimina maji kwenye njia ya hewa injini ikizunguka, kama wengine wanavyoonyesha, sipendekezi. Maji hayabaniki, na yakiingia kwa wingi hupinda koneti, ule mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti.

Kabla ya gharama yoyote, omba fundi apime kompresheni. Silinda inayozidi kipimo cha kitabu cha injini kwa kiasi cha kuonekana ina kaboni au ina oili nyingi ndani yake. Kamera ndogo inayopitishwa kwenye tundu la plagi itaonyesha ni kipi.

## Taimingi ya cheche

13. Fundi anasema apunguze taimingi kidogo na mlio utaisha. Je, ni sahihi?

Mlio utaisha, na hapo ndipo ushauri huo unapovutia. Cheche hupigwa kabla pistoni haijafika kilele, kwa sababu moto unahitaji muda wa kusambaa. Ikipigwa mapema mno, shinikizo la mwako linakutana na pistoni ambayo bado inapanda, na kilele cha shinikizo kinapita kiasi. Kuichelewesha hupunguza shinikizo hilo, na kugonga hukoma hata kama chanzo kilikuwa petroli mbaya au kaboni.

Gharama yake huonekana kwingine. Injini huwa nzito, hula mafuta zaidi, na gesi hutoka ikiwa bado inaungua, hivyo ekzosti na valvu hupata joto. Kanuni ninayoifuata ni fupi: taimingi irekebishwe hadi kipimo cha mtengenezaji, isipite hapo. Ikiwa injini inagonga hata ikiwa kwenye kipimo, chanzo kinatafutwa kwingine.

14. Taimingi inapimwaje kwenye Toyota yenye distribyuta?

Chukua injini ya 5A-FE, iliyomo katika Corolla na Carina nyingi. Pasha injini hadi joto la kawaida, zima kiyoyozi na taa, weka gia huru. Fungua kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti na uunganishe matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya mfupi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi: bila waya huo kompyuta inaendelea kuiongoza taimingi yenyewe, na unachokisoma si kipimo cha msingi.

Elekeza taa ya taimingi kwenye puli ya krenkshafti. Alama ya puli inatakiwa kuonekana kwenye digrii 10 kabla ya kilele. Ikiwa si hivyo, legeza kidogo bolti za distribyuta na uizungushe taratibu. Kuizungusha kuelekea upande ambao rota yake huzungukia hupunguza taimingi, na kinyume chake huongeza. Kaza bolti, kisha upime tena, kwa sababu kukaza mara nyingi huisogeza. Mwisho ondoa waya. Alama itahama na kuchezacheza, na hiyo ni kompyuta ikirudi kazini.

Tahadhari moja: puli nyingi zina pete ya nje iliyoshikwa kwa mpira. Mpira ukichakaa, pete huteleza pamoja na alama yake. Kabla ya kuamini usomaji wa ajabu, leta pistoni ya kwanza kileleni kwa kuipima kupitia tundu la plagi, na uhakikishe alama iko sifuri.

15. Gari langu halina distribyuta. Je, taimingi inaweza kuharibika?

Haiwezi kusogezwa kwa mkono, kwa sababu kompyuta hupanga cheche kwa kusoma sensa ya krenkshafti na ya kemshafti. Badala yake kuna sensa ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku, ambayo husikia mtetemo wa mwako mbaya na kuiambia kompyuta ipunguze taimingi kwa muda. Ndiyo maana magari haya yanaweza kutumia petroli mbaya kimyakimya: husikii mlio, unahisi tu gari limekuwa zito na mafuta yanaisha haraka.

Sensa ikikatika waya, kompyuta kwa kawaida hupunguza taimingi kwa tahadhari na kuwasha taa ya injini. Kwenye kifaa cha kusoma kodi za hitilafu utaona kodi ya sensa hiyo:

```
P0325
```

Kagua waya na soketi kwanza, panya huzipenda. Ukibadilisha sensa, ikazwe kwa kipimo cha kitabu, ambacho kwenye 1NZ-FE ni takribani nyutoni mita 20, na sehemu inapokaa isafishwe kutu. Ikilegea haisikii, na ikikazwa kupita kiasi husikia vibaya. Kodi ya P0171 ikionekana pamoja na kugonga, injini inapata petroli kidogo kuliko hewa: kagua filta ya mafuta, pampu, nozeli na mipira ya hewa inayovuja kabla ya kugusa kingine.

16. Gari langu lilikuwa sawa Mbeya, limeanza kugonga Dar es Salaam. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na ndivyo ilivyo pia kwa wanaotoka Nairobi kwenda Mombasa. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, shinikizo la hewa huwa pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko la pwani. Silinda haijai sana, kwa hiyo injini yenye taimingi iliyozidi au kaboni huvumilia. Ikishuka pwani inapata hewa nzito na yenye joto, na kasoro iliyokuwa imejificha inatokea.

Mfano ufuatao unaonyesha mpangilio wa kutafuta. Corolla ya 5A-FE imehamia Dar es Salaam kutoka Mbeya. Inagonga ikipanda daraja la Mfugale ikiwa na abiria wanne na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mshale wa joto uko katikati, thamostati ipo, kwa hiyo upoozaji unawekwa kando. Petroli inabadilishwa kwa kutumia vituo viwili tofauti, tangi likiachwa lipungue kila mara, na mlio haubadiliki. Mafuta nayo yanawekwa kando. Taimingi inapimwa kwa waya wa TE1 na E1, na inasoma digrii 16. Mwenye gari anakumbuka kwamba fundi wa awali aliiongeza ili gari liwe jepesi kwenye milima.

Taimingi inarudishwa 10. Mlio unapungua kwa kiasi kikubwa, lakini unabaki ukikanyaga mafuta hadi chini. Plagi zinafunguliwa: tatu zina rangi ya kahawia iliyopauka, ya silinda ya tatu imelowa oili na ina kaboni ngumu. Moshi wa bluu wa asubuhi unathibitisha sili za valvu. Kamera inaonyesha kaboni nene kwenye pistoni hiyo. Hedi inafunguliwa, kaboni inasafishwa, sili zinabadilishwa, na taimingi inabaki digrii 10. Mlio umekwisha. Kama fundi angeshusha taimingi hadi digrii 4 siku ya kwanza, mlio ungekwisha pia, na sili zingeendelea kuvuja mpaka silinda ya tatu ijae kaboni kiasi cha kugonga tena.

## Hali za pembeni

17. Je, plagi zinaweza kuwa chanzo?

Ndiyo, zikiwa za kiwango cha joto kisichofaa. Plagi ya moto sana hubaki na ncha nyekundu. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, kwa hiyo kuteremka namba mbili ili gari liwake vizuri ni kujitafutia kugonga. Fuata namba ya kitabu. Plagi bandia zimejaa madukani, nazo huvaa maandishi sahihi juu ya kauri isiyo na sifa hizo.

18. Bodaboda yangu inagonga mlimani. Naweza kurekebisha taimingi?

Kwa pikipiki nyingi za CDI, kile kisanduku cha kielektroniki kinachopiga cheche, huna pa kurekebisha. Taimingi imewekwa na mahali palipofungwa pikapu, sensa inayosoma mzunguko wa injini, na ndani ya CDI yenyewe. Angalia petroli, hasa ya chupa, kisha jeti ya kabureta iliyoziba nusu, mpira wa hewa uliopasuka kati ya kabureta na injini, na mapezi ya kupoozea yaliyojaa tope. Kubeba abiria wawili kwa gia kubwa kunarudi kwenye swali la 2.

19. Nimefunga mfumo wa gesi asilia. Kwa nini gari hugonga nikirudi kwenye petroli?

Gesi asilia ina oktani kubwa kuliko petroli na huungua polepole, kwa hiyo mafundi huongeza taimingi ili kurudisha nguvu inayopotea. Ikiwa ilifanywa kwa kuzungusha distribyuta, taimingi hiyo inabaki hata unapotumia petroli, na injini inagonga. Suluhisho ni kuirudisha kwenye kipimo cha petroli kama ilivyoelezwa katika swali la 14, kisha kufunga kifaa cha kielektroniki kinachoongeza digrii pale tu swichi inapokuwa kwenye gesi. Ikiwa kifaa hicho tayari kipo na gari bado linagonga kwenye petroli, kitenganishe na upime tena. Relei yake ikiganda, hubaki ikiongeza digrii wakati wote.